Ankara Halali: nilivyojifunza kufupisha mkataba wa Kiingereza kwa Kiswahili

Karatasi mbili nilizowaandikia wale wasafirishaji bado ninazo. Zimekunjwa mara nne, na kwenye ukurasa wa kwanza kuna mtu amepiga mstari wa kalamu nyekundu chini ya sentensi moja: "Kampuni italipa ndani ya siku 30 baada ya kupokea ankara." Sentensi hiyo niliiandika mimi. Kiswahili chake hakina kosa, inasomeka vizuri, na ndiyo iliyowaponza.

Walikuwa kikundi cha wenye malori 19. Kampuni moja ilikuwa imewapa mkataba wa kuibebea mizigo kwa miaka miwili, kurasa 34, zote kwa Kiingereza. Shughuli zao wanaziendesha kwa Kiswahili, kuanzia vikao mpaka vitabu vya hesabu. Hawakutaka tafsiri nzima; walitaka muhtasari wa kurasa mbili wa kusomwa kwenye kikao kabla ya kusaini. Mimi ni mfasiri, si mwanasheria. Nilikuwa nimeshafupisha ripoti na miongozo mingi, nikauchukua mkataba kama nilivyozoea kuchukua ripoti: nikatafuta hoja kuu, nikaacha maneno mengi, nikaandika lugha nyepesi.

Miezi mitatu baada ya kusaini, mwenyekiti wao alinipigia simu.

"Binti yangu, ile siku ya malipo imepita siku kumi na moja. Tumesimamisha magari. Sasa wametuandikia barua kwamba sisi ndio tuliovunja mkataba. Hebu nisomee tena kile kifungu."

Nilifungua mkataba wa Kiingereza nikiwa naye kwenye simu. Kifungu cha 7.2 kilisema malipo yatafanyika ndani ya siku 30 tangu kupatikana kwa Ankara Halali, na maneno hayo mawili yalianza kwa herufi kubwa. Nikarudi kifungu cha 1, kwenye orodha ya tafsiri za maneno, ambayo wakati wa kufupisha niliipitia harakaharaka kwa sababu niliiona kama kamusi ya kawaida. Pale Ankara Halali ilielezwa kuwa ni ankara iliyoambatanishwa na hati za makabidhiano zilizosainiwa na aliyepokea mzigo, na ambayo kampuni imeiidhinisha kwa maandishi. Ankara za kikundi zilikuwa na hati zote, lakini idhini ya maandishi ilitoka siku ya 16 baada ya kuzipeleka. Kwa hesabu ya mkataba, siku ya 41 ya kikundi ilikuwa siku ya 25 ya kampuni. Kampuni haikuwa imechelewa hata kidogo.

"Mzee, kosa ni langu," nilimwambia. "Rudisheni magari barabarani leo hii, halafu nitakuja."

Waliyarudisha, ila siku tatu zilikuwa zimeshapita. Mkataba ulikuwa na kifungu cha makato: asilimia 2 ya malipo ya mwezi kwa kila siku ambayo magari hayakufika bila sababu inayokubalika, hadi asilimia 10. Wakakatwa asilimia 6. Nilikaa na mkataba ule usiku mzima nikiulinganisha na muhtasari wangu, mstari kwa mstari. Yaliyofuata hapa ni niliyoyaona usiku ule na wiki zilizofuata, nilipoandika muhtasari wa pili pamoja na wakili aliyekubali kukaa nami.

Nianze na herufi kubwa. Kwenye mikataba ya Kiingereza, neno la kawaida likianza kwa herufi kubwa katikati ya sentensi ni alama kwamba lina maana yake maalumu iliyowekwa mahali pengine, na maana hiyo mara nyingi imebeba sharti. Ankara Halali si ankara tu. Siku ya Kazi si siku yoyote. Huduma si kazi zote mnazofanya, ni zile zilizoorodheshwa kwenye jedwali la nyuma. Sisi kwenye Kiswahili cha kila siku herufi kubwa katikati ya sentensi tunaiona kama jina la mtu au mahali, au kama kosa la uchapaji. Ukiibakiza kwenye muhtasari, msomaji haoni lolote. Ukiiondoa, ndiyo kabisa: sharti limetoweka na hakuna dalili kwamba liliwahi kuwepo. Dawa niliyoipata ni kulifumua neno na kulimimina sharti lake palepale linapotumika. Sentensi ya malipo ikawa hivi:

"Siku 30 za malipo hazianzi siku mnayopeleka ankara. Zinaanza siku ankara inapokamilika. Ankara imekamilika ikiwa na vitu viwili: hati za makabidhiano zilizosainiwa na aliyepokea mzigo, na idhini ya maandishi ya kampuni. Mkataba hautaji kampuni ina siku ngapi za kutoa idhini. (Vifungu 1 na 7.2)"

Sentensi moja imekuwa nne. Hapo ndipo nilipoacha kupima muhtasari wa mkataba kwa ufupi wake. Nafasi unaipata kwingine: anwani za barua, maneno ya utangulizi, vifungu vinavyosema jinsia moja inajumuisha nyingine. Hivyo vinaweza kutajwa kwa mstari mmoja. Masharti hayapunguzwi.

Sentensi ya mwisho pale juu ilitugharimu mjadala mrefu na wakili. Rasimu yangu ilisema, "Kampuni ina uhuru wa kukaa na ankara muda wowote." Akaikata. Aliniuliza, "Wapi mkataba umesema hivyo?" Hakuna mahali. Mkataba ulikuwa kimya, na ukimya si ruhusa. Katika sheria za mikataba za mahali pengi, jambo lisilowekewa muda huweza kuchukuliwa kwamba lifanyike ndani ya muda unaofaa, na hilo ni la mahakama au msuluhishi kuamua. Kazi yangu ilikuwa kumwonyesha msomaji kwamba pale pana pengo, bila kulijaza. Tangu hapo maneno "mkataba hautaji" nayatumia mara kwa mara, na nimeona ndiyo yanayowafanya watu wainue vichwa kwenye kikao.

Sasa kwa nini walisimamisha magari? Hili liliniumiza zaidi, maana hapa kosa halikuwa la neno lililodondoka. Lilikuwa la maneno yetu wenyewe ambayo nimeyatumia maisha yangu yote. Niliandika: "Upande mmoja ukivunja mkataba, mwingine una haki ya kuusitisha kwa notisi ya siku 14."

Angalia "kuvunja". Mtu asipotimiza ahadi iliyomo kwenye mkataba, tunasema amevunja mkataba. Mtu akiamua kuumaliza mkataba na kuondoka, hata kwa njia iliyo halali kabisa, pia tunasema ameuvunja. Mambo mawili tofauti, neno moja. Na "kusitisha" nako ni hivyohivyo: kusitisha ni kumaliza, na kusitisha ni kusimamisha kwa muda kisha mtu aendelee. Kiingereza cha mkataba kilikuwa na maneno matatu yaliyotenganishwa kwa uangalifu: moja la kukiuka wajibu, moja la kuumaliza mkataba, moja la kusimamisha kazi kwa muda. Nami nilikuwa nimeyasukuma yote ndani ya maneno mawili yenye maana mbilimbili.

Kikundi kilisoma kwa akili timamu kabisa: kampuni haijalipa, basi imevunja, imevunja, basi tuna haki ya kusitisha. Wakasitisha kwa maana yao, yaani wakaegesha magari wakisubiri fedha. Kumbe kifungu cha 11 kiliwapa haki ya kuumaliza mkataba tu, tena kwa notisi ya maandishi. Haki ya kusimamisha kazi kwa muda haikuwa mahali popote, na kifungu cha 11.5 kiliikataza waziwazi.

Kwenye muhtasari wa pili nilitenga maneno matatu na kuyaeleza mwanzoni kabisa. Kukiuka: kutotimiza unachodaiwa na mkataba. Kuumaliza mkataba: unakwisha, hakuna kurudi. Kusimamisha kazi: mkataba upo, kazi imesimama kwa muda. Kisha nikajifunga kutotumia "kuvunja" hata mara moja. Neno moja la Kiingereza likishapewa neno la Kiswahili, libaki na hilohilo mpaka mwisho. Shuleni tulifundishwa kutorudiarudia neno, tubadilishe ili insha ipendeze. Kwenye mkataba, ukiandika "kumaliza" hapa na "kukatisha" pale, msomaji makini ana haki ya kudhani ni mambo mawili.

Kifungu cha kuongeza muda nacho nilikiharibu, ila kwa bahati kilikuwa bado hakijatumika. Niliandika, "Mkataba unaweza kuongezwa kwa miezi 12." Wajumbe waliniambia walivyoielewa: mambo yakienda vizuri, huenda tukaongezewa. Waliifurahia. Kiingereza kilisema kampuni, kwa notisi yake peke yake, ina hiari ya kuongeza miezi 12 kwa nauli ileile, na wasafirishaji wataendelea kufanya kazi. Yaani wao hawana sauti. Neno langu "unaweza" lilikuwa limebeba uwezekano, uwezo na ruhusa kwa pamoja, na mnyambuliko wa kutendwa, "kuongezwa", ukamficha mtendaji. Kiingereza cha sheria kina neno moja fupi la hiari na jingine fupi la wajibu, na tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ya haki na deni.

Kwa hiyo sasa kila "-weza" ninayoiandika naibadilisha: ni "ina hiari ya", au "inaruhusiwa", au "huenda ikatokea". Kila kitenzi cha kutendwa nakiuliza, nani anatenda? Kuhusu wajibu, najua sheria zilizoandikwa kwa Kiswahili hutumia wakati ujao, "atateua", "atawasilisha", na kila mwanasheria anajua hiyo ni amri. Msomaji wa kawaida akiona "mtawasilisha ripoti" anaweza kuisikia kama maelezo ya jinsi mambo yatakavyokwenda. Kwenye muhtasari naandika "mnalazimika kuwasilisha ripoti", na kama mkataba umetaja matokeo ya kutofanya hivyo, nayaweka kwenye sentensi inayofuata, wala siyaachi yakae kurasa sita mbele kama yalivyo kwenye mkataba. "Mtawasilisha" kwenye tafsiri kamili haina tatizo. Kinachobadilika ni nani anasoma.

Kisha fidia. Kifungu cha 14 niliandika, "Wasafirishaji watafidia hasara watakayosababisha." Wakili alipokisoma aliweka kalamu chini, akaniomba nisome Kiingereza polepole. Kilisema wasafirishaji wataikinga kampuni dhidi ya madai yote ya watu wengine yanayotokana na huduma au yanayohusiana nazo, zikiwemo gharama za mawakili. Mimi nilisema "watakayosababisha", neno moja tu la kusababisha, nikawa nimeingiza sharti la kosa ambalo halimo. Katika sentensi yangu, dereva asiye na hatia hadaiwi kitu. Katika mkataba, mtu wa tatu akiishitaki kampuni kwa jambo linalohusiana na safari, deni linaangukia kikundi hata kama kosa halikuwa lao, pamoja na ada za wakili ambaye hawakumchagua wao. Na kibaya zaidi, kifungu cha 15 kiliweka kikomo cha fedha ambazo kila upande unaweza kudaiwa, halafu kikasema kikomo hicho hakigusi kifungu cha 14. Hilo nilikuwa sijaliandika kabisa, kwa sababu lilikuwa nusu sentensi mwishoni mwa aya.

"Fidia" kwa Kiswahili imebebeshwa mizigo mingi mno: kulipia uharibifu, malipo ya mfanyakazi aliyeumia kazini, hata makato yaliyokubaliwa mapema. Kwa kifungu cha aina hii siitegemei tena. Naandika kinachotokea: "Mtu mwingine akiidai kampuni kwa jambo lililotokana na safari zenu au linalohusiana nazo, ninyi ndio mtakaobeba deni hilo na gharama za mawakili wa kampuni. Kifungu hakisemi kwamba lazima kosa liwe lenu. Kikomo cha kifungu cha 15 hakiwalindi hapa." Na yale makato ya asilimia 2 kwa siku sikuyaita faini tena, kama nilivyofanya mwanzo. Faini hutozwa na mamlaka. Haya ni makato ambayo pande mbili zimekubaliana mapema, na ukiyaita faini unaweza kumfanya mtu aende kuyalalamikia mahali pasipohusika.

Lipo jambo moja ambalo sikuwahi kulifikiria kabla ya kazi hii. Kifungu cha 9 kilisema kampuni haitawajibika kwa uharibifu utakaotokea ndani ya yadi yake kwa magari na mitambo ya kupakilia isiyokatiwa bima. Nimekiandika hivyo kwa makusudi, maana ndivyo nilivyokiandika mara ya kwanza. Kiingereza hakina ngeli. Yale maneno "isiyokatiwa bima" kwa Kiingereza yanaweza kuning'inia kwenye mitambo peke yake, au kwenye magari na mitambo yote. Kiswahili hakikuruhusu kuning'inia. Lazima uchague kiambishi. Ukisema "isiyokatiwa", umeshaamua kwamba bima inahusu mitambo tu, na kwa hiyo lori lenye bima likigongwa ndani ya yadi, kampuni haihusiki. Ukisema "visivyokatiwa", umeamua kwamba inahusu vyote viwili, na lori lenye bima halimo kwenye msamaha huo. Silabi mbili, na katikati yake lipo lori zima. Nilikuwa nimetoa hukumu bila kujua kwamba natoa hukumu.

Jaribu la kwanza la kujitoa lilikuwa kuchagua maana inayowafaa wateja wangu. Wakili alikataa, na sasa naona alikuwa sahihi: wangesaini wakiamini wamelindwa, kumbe upande wa pili unasoma tofauti. Tuliandika maana zote mbili kwa sentensi mbili kamili, tukaongeza: "Kiingereza kinabeba maana zote mbili. Ombeni kampuni iandike ipi." Kuanzia hapo, kila ngeli inaponilazimisha kuchagua, nasimama kwanza. Ni kama lugha yetu inanishika mkono inaniambia hapa pana utata ambao mwandishi wa Kiingereza hakuuona.

Yapo madogo yanayopita haraka lakini yana meno. Kuna vifungu viwili vinavyoanza kwa maneno ya kuelekeza kwenye kifungu kingine, kimoja kikisema "kifungu kile kinanishinda" na kingine "mimi nakishinda kile". Kwa Kiswahili cha kisheria huwa "kwa kuzingatia kifungu cha 11" na "bila kujali kifungu cha 11", na nimeona wajumbe wakizisoma zote mbili kana kwamba ni salamu tu. Naandika moja kwa moja: kwa cha kwanza, "Vikigongana, cha 11 ndicho kinachoshinda", na kwa cha pili, "Vikigongana, hiki ndicho kinachoshinda." Na kuna saa. Mkataba ulitaka mapendekezo ya nauli yafike kabla ya saa sita usiku siku ya Jumatano. Kwa baadhi ya wasemaji, usiku wa Jumatano ni ule wa kuamkia Jumatano. Kwa wengine ni ule wa kuamkia Alhamisi. Tofauti ni saa 24. Tuliandika "usiku wa kuamkia Alhamisi, ikifika saa sita muda umekwisha".

Muhtasari wa pili ulifika kurasa tano. Kabla ya kuutoa nilimpa mjumbe mmoja ambaye hakuwa ameuona mkataba, nikamwomba asinisomee, bali anieleze kwa maneno yake. Sikumuuliza kama ameelewa, kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo. Nilimuuliza: ukipeleka ankara leo, lini unaanza kuhesabu? Wasipolipa, kesho asubuhi unafanya nini? Mtembea kwa miguu akiishitaki kampuni, nani analipa wakili? Alijibu maswali mawili sawasawa. Lakini swali la pili alilijibu, "Naandika barua, halafu siku 14 zikiisha naegesha." Nikarudi kuandika upya ile aya ya kifungu cha 11, nikaanza na katazo kabla ya haki: "Hamruhusiwi kusimamisha magari kwa sababu ya malipo yaliyochelewa. Mlichoruhusiwa ni kuumaliza mkataba kabisa." Nilipomuuliza tena baada ya siku mbili, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo ni kuvumilia au kuondoka."

Juu ya ukurasa wa kwanza tuliweka kwamba huu ni muhtasari, kwamba mkataba wenyewe kifungu cha 22 unasema Kiingereza ndicho kitakachofuatwa, na kila aya ikabeba namba ya kifungu chake ili mtu yeyote aweze kuirudia na wakili wake.

Kikao kilichosoma muhtasari ule kilichukua saa tatu. Mwenyekiti alikuwa ameshika kalamu nyekundu ileile. Alipofika kwenye "mkataba hautaji kampuni ina siku ngapi", alisimama akasoma mara mbili kwa sauti, akageukia wenzake. Wiki iliyofuata walipeleka ombi la maandishi la kuongeza kifungu cha 7.3: kampuni ijibu ankara ndani ya siku 7 za kazi, na isipojibu, ankara ihesabike imeidhinishwa. Kampuni ilikubali siku 10. Marekebisho hayo yaliletwa kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, na mwenyekiti akanitumia picha yake kwa simu na ujumbe mfupi: "Binti, hii idhini ina herufi kubwa. Nitafutie maana yake kabla sijasaini."